Pindo, Mji na Jina: Mchoro wa Kanga Ukomee Wapi?

Assalamu alaykum wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti. Nimeombwa nizungumze kuhusu uchoraji wa kanga, na aliyeniomba akaweka sharti moja: nisiseme namna ya kuanza mchoro, kwa sababu kuanza kila mtu anakujua. Niseme namna ya kumaliza. Nimelikubali sharti lake, kwa kuwa michoro mingi ninayoletewa niitazame haikuharibika mwanzoni. Imeharibika pale mchoraji alipokuwa amekwisha kumaliza, naye hajui.

Kanga inafaa sana kwa mazungumzo haya, maana ina mipaka ambayo hakuna wa kubishana nayo. Ni kitambaa cha sentimita kama 150 kwa 110, kina pindo linalozunguka pande zote nne, kina mji katikati, na chini ndani ya mji kina jina, yaani ule msemo wake. Huuzwa kwa doti, kanga mbili pamoja, zikatwe na kupindwa. Ukivunja mpangilio huo umechora kitu kingine. Huenda ni kizuri, lakini kwenye maduka ya Mchangani hakuna atakayekuuliza bei yake kama kanga. Kwa hivyo mchoraji wa kanga hana nafasi ya kubuni kila kitu upya. Ana mambo matatu tu ya kuyaweka sawa, na ndiyo maana ni rahisi kuona pale anapoanza kuyachafua.

Nitawasimulia kuhusu mchoro mmoja. Ni wa kijana ninayefanya naye kazi, na amenipa ruhusa nikamilize hadithi nzima bila kumtaja. Bibi mmoja mfanyabiashara wa Wete alitaka doti ya karafuu. Kijana akachora kwa kompyuta, na kila alipobadilisha kitu akahifadhi faili jipya. Hiyo ni tabia nzuri, kwani bila hiyo nisingekuwa na la kuwaeleza leo. Hapa nina karatasi mbili. Hii ni `karafuu_04.svg`. Na hii ni `karafuu_11.svg`.

Tuanze na namba nne. Mji wake ni rangi ya damu ya mzee, umepakwa wote bila urembo, na katikati kuna kichala kimoja kikubwa cha karafuu, cheupe, kimezungushiwa mstari mweusi. Pindo lina uwanja mweupe na safu ya karafuu mojamoja, kila moja ina kichwa chake cha duara na meno yake manne, kama tunavyoziona zikianikwa. Jina limekaa kwenye kisanduku cheupe kwa herufi nyeusi: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Basi. Rangi za kuchapwa ni mbili, nyeusi na damu ya mzee. Nyeupe haichapwi, hiyo ni nguo yenyewe iliyoachwa wazi.

Mimi nilipouona mchoro huu nilimwambia kuna kosa moja tu, nami nitalieleza baadaye. Kijana hakuridhika. Alikuwa ameutazama mwezi mzima, ukamchosha. Na hapo ndipo pa kusikiliza vizuri: mchoraji akichoka kuutazama mchoro wake, huhisi kwamba mchoro ndio umepungukiwa. Akiona mji mtupu anasema "hapa pamepwaya." Lakini mwanamke atakayeiona kanga hiyo ikining'inia dukani anaiona mara ya kwanza, na ule mji mtupu ndio unaomfanya akione kichala kutoka upande wa pili wa njia.

Basi akaanza kujaza. Kwanza alimwaga vitone vyeupe kwenye mji wote. Kwenye kioo cha kompyuta, akiwa amekuza picha mara nne, vilipendeza kwelikweli, sikatai. Lakini vitone vyeupe juu ya damu ya mzee vinapunguza uzito wa ile rangi. Ukikaa mbali, mji hauonekani tena mzito. Unaonekana umefifia na una chembechembe, sawasawa na pindo ambalo nalo lina karafuu ndogondogo. Sasa pindo na mji vimefanana. Jicho halijui pindo linakomea wapi. Kanga isiyo na pindo linaloonekana, akijifunga mtu, huonekana kama kitambaa cha pazia.

Kipimo chake ni rahisi. Chapa mchoro kwa nyeusi na nyeupe tu, uubandike ukutani, rudi nyuma hatua kumi, kisha ufinye macho mpaka maelezo yote madogo yapotee. Unatakiwa uone maumbo matatu: fremu, uwanja, na mstari wa jina. Namba nne inayaonyesha yote matatu. Namba kumi na moja inaonyesha wingu moja la kijivu.

Baada ya vitone, kichala kikamezwa. Ule mstari mweusi uliokizunguka, ambao juu ya uwanja mtupu ulitosha, sasa ulikuwa unashindana na vitone. Akaunenepesha mstari. Mstari uliponenepa, karafuu zikaonekana tupu ndani, akazitia vivuli: mistari myembamba, mingi, iliyopangwa karibukaribu. Kichala kilipokuwa kizito hivyo, herufi za jina zikaonekana dhaifu, akazinenepesha na hizo. Herufi nene hazikuenea kwenye kisanduku, akakitanua kisanduku. Kisanduku kilipotanuka kikagusa mkia wa kichala, akakisogeza kichala juu. Kichala sasa hakimo katikati ya mji.

Tazameni huo mfuatano. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na ukimuuliza angeitetea kila moja. Lakini hakuna hata moja iliyoondoa kosa lililokuwepo katika namba nne. Kila moja iliondoa kosa lililoletwa na iliyoitangulia. Hii kwangu ndiyo alama kubwa kuliko zote. Marekebisho ya kweli hukaa mahali pake: unaligusa kosa, linaondoka, na jirani zake hawana habari. Rekebisho likishakulazimisha uguse kitu cha pili, na cha pili kikakulazimisha cha tatu, simama. Usirudi hatua moja nyuma. Rudi mpaka kwenye faili la kabla mnyororo haujaanza.

Sasa lile kosa nililomwonyesha. Lilikuwa kwenye kona. Pindo lina upana wa sentimita 15, na kila kona ina mraba wake wenye karafuu nne zilizokutana vichwa. Ukitoa miraba miwili ya kona, upande mrefu unabaki na sentimita 120, na upande mfupi unabaki na 80. Karafuu za pindo alizipanga kila moja katika nafasi ya sentimita 6. Upande mrefu zinaingia 20 kamili. Upande mfupi zinaingia 13, na zinabaki sentimita mbili. Katika zile sentimita mbili alikuwa ameikata karafuu ya kumi na nne, ikabaki kipande kimoja kinachoning'inia kando ya kona. Mtu hahitaji kuwa mchoraji kukiona. Nilimwonyesha mchoro ule mama mmoja muuza vitambaa nikamuuliza kama kuna kitu kinamkera. Akaweka kidole pale pale bila kufikiri.

Dawa yake ni kugawa 80 kwa 13. Kila karafuu ya upande mfupi inapata sentimita 6.15, yaani milimita moja na nusu zaidi ya dada zake wa upande mrefu. Hakuna jicho litakaloiona tofauti hiyo, na kipande kimeondoka. Kazi ya nusu saa. Mji haukuguswa, jina halikuguswa, rangi haikuguswa. Hilo ndilo rekebisho.

Katika vurugu zote za kufika namba kumi na moja, kijana aliirekebisha kona hiyo mwishoni kabisa, karibu aisahau. Kwa hivyo mtu asinielewe kwamba ukifika mahali fulani hupaswi kugusa chochote. Mchoro unaweza kuwa umekwisha na bado una kosa. Tofauti ni kwamba kosa mtu mwingine analiona na anaweza kuliwekea kidole, mwasho wa mkono unauona wewe peke yako, na ukiulizwa ni kitu gani khasa unasema "sijui, naona tu bado."

Halafu akaja mteja naye. Bibi wa Wete alipoonyeshwa, akasema, "Mwanangu, mkarafuu una majani. Tia na kijani." Kijana akaona haya kumkatalia mtu mzima, akatia. Nami nasema hapa heshima si kukubali, heshima ni kumweleza gharama yake kabla hajalipa.

Kanga huchapwa rangi moja moja, na kila rangi ina skrini yake. Damu ya mzee ina yake, nyeusi ina yake. Kijani ni skrini ya tatu, lakini haiishii hapo. Jani haliwezi kuchapwa tu juu ya damu ya mzee, kwa sababu kijani juu ya nyekundu iliyokolea kinatoa rangi ya matope. Lazima mahali pa jani paachwe tundu kwenye skrini ya damu ya mzee, kijani kije kijaze. Na kwa kuwa nguo huvutika na skrini hazikai mahali pamoja kamili kila zinaposhuka, lazima rangi mbili zipandane kidogo ukingoni, la sivyo utaona uzi mweupe kati yao. Pale zinapopandana panatokea mstari wa kahawia. Mstari huo ukitaka usionekane, uufunike kwa nyeusi. Kwa hivyo mtu aliyeomba majani matatu ya kijani amebadilisha skrini zote. Katika mchoro wa kanga hakuna badiliko la rangi moja tu.

Bibi akaomba na jambo jengine: jina liongezwe KARIBU ZANZIBAR mbele yake. Hili tulipige hesabu, maana hesabu yake haina ubishi. Kisanduku cha jina kina urefu wa sentimita 80. MGENI NJOO MWENYEJI APONE, ukihesabu na nafasi kati ya maneno, ni vituo 25. Kila kituo kinapata sentimita 3.2. Ukitanguliza KARIBU ZANZIBAR na nafasi ya kuliunganisha, vituo vinakuwa 41, na kila kimoja kinapata chini kidogo ya sentimita mbili. Upana ukipungua hivyo, ama urefu nao upungue kwa kadiri hiyo, ama herufi zibanwe ziwe kama nguzo za uzio. Na jina la kanga halisomwi mezani. Linasomwa mgongoni kwa mtu anayekwenda, tena ndani ya mikunjo. Kijana aliuongeza mstari huo, ndipo herufi zikabanwa, ndipo akazinenepesha zaidi ili zisomeke, na herufi nene zilizobanwa ndizo zisizosomeka kuliko zote, kwa sababu matundu ya A na O na R yanaziba.

Kuziba huku kwenye kioo hakuonekani, na vijana wengi hawaamini mpaka waone nguo. Rangi ya kuchapia ni kama uji mzito. Ikigusa pamba inasogea kidogo kufuata uzi. Mstari mwembamba unanenepa, na mistari miwili iliyoachiana nafasi ndogo ya chini ya milimita mara nyingi inakutana. Vile vivuli alivyovitia ndani ya karafuu vilipochapwa kwenye kipande cha majaribio vilikuwa doa jeusi. Kichala kikawa kama kimeungua jikoni. Bibi mwenyewe alipokishika kipande kile akauliza, "Hizi ni karafuu au mbilimbi zilizooza?" Hapo watu walicheka, lakini ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika kazi ile, kwa sababu aliuliza anachokiona badala ya kusema anachokitaka.

Mnaniuliza, basi mtu ajuaje kabla ya kupeleka kwenye skrini? Nitawapa vipimo viwili ninavyovitumia, vyote vya bei rahisi.

Cha kwanza, utoe mchoro kwenye kioo, uutazame kwa ukubwa wake halisi. Robo moja ya kanga ni sentimita 75 kwa 55. Karatasi tisa za A4, tatu kwa tatu, zinaienea na kubaki. Chapa robo hiyo, gundisha, tundika. Kwenye kioo unaifanyia kazi karafuu moja ikiwa kubwa kama sahani. Ukutani inarudi kuwa na sentimita zake sita, na nusu ya mambo yaliyokukosesha usingizi huyaoni tena. Yale usiyoyaona kwa hatua tano, yafute kwenye orodha yako ya kurekebisha. Usiyafanye kesho, usiyafanye kabisa.

Halafu chukua kanga yako kuukuu, na kwa chaki chora juu yake kisanduku cha jina na kichala kwa vipimo vya mchoro wako. Mwambie dada au mama aijifunge kiunoni kama anavyojifunga kila siku, atembee. Utaona kwamba ncha mbili zinapandana mbele, kwamba sehemu ya juu imesokotwa kiunoni, na kwamba kinachobaki wazi nyuma ni jina, pindo la chini, na kipande cha mji. Kile kichala kilichosogezwa juu kikipishana na msokoto wa kiuno, kimekwenda. Kijana wangu alikuwa amekaa siku nyingi akirembesha mahali ambapo hapataonekana na mtu isipokuwa nguo ikiwa kwenye kamba.

Cha pili, uwaonyeshe watu, lakini uulize vizuri. Usiulize "unaipenda?" Watu wetu wana adabu, watakwambia nzuri mashaallah, au watakutafutia kasoro ili wasionekane hawana mchango. Uliza "imeandikwa nini?" na uhesabu kimoyomoyo mpaka asome. Uliza "hii ni picha ya nini?" Kisha chukua matoleo mawili yaliyofuatana, funika namba zake, changanya, mpe mtu achague. Fanya hivyo kwa watu kadhaa. Wakigawanyika nusu kwa nusu, ujue unahamisha vitu tu, huboreshi. Wakianza kuchagua la zamani, umekwisha kupita mahali pako pa kusimama. Na ikiwa wewe mwenyewe, baada ya kuuacha mchoro wiki moja, huwezi kusema lipi ni jipya na lipi la zamani, huna haja ya kumuuliza mtu.

Kijana alipofanya jaribio hilo, namba nne ilichaguliwa na karibu kila mtu mbele ya namba kumi na moja. Aliumia. Ni haki yake kuumia, kwani jasho lake lote lilikuwa kwenye namba kumi na moja. Ila mnunuzi halipii jasho, na kanga haiandikwi pembeni kwamba mchoraji alikesha.

Mkitaka kuona mchoro uliokwisha, msiende mbali. Katazameni kanga ya kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi, na hiyo nyeupe ni nguo yenyewe. Bibi zetu waliolewa nayo, na mpaka leo harusini huikosi. Kama ingekuwa ni suala la kuongeza rangi, viwanda vya leo vinaweza kuongeza wanazotaka. Lakini ile ya harusi huachwa ilivyo, kwa sababu mwenye harusi anaijua kisutu kutoka mlangoni, kabla hajaikaribia, na akiiona ina kijani atauliza kama ile yenyewe imekwisha dukani.

Mwisho niseme lile la kijana aliyeuliza hapa mbele: ile hamu ya kubadilisha aipeleke wapi? Swali la haki, maana mkono wa mchoraji hautulii. Kwenye kanga tuna mahali pake. Mchoro mmoja huchapwa kwa rangi tofauti tofauti kwa skrini zilezile, ndiyo maana dukani unaikuta kanga yenye jina moja kwa bluu, kwa zambarau, kwa rangi ya chungwa. Hapo cheza utakavyo, mstari haujaguswa. Sharti ni moja tu, mpangilio wa nzito na nyepesi usigeuke. Kama mji ulikuwa mzito kuliko pindo, ubaki mzito katika kila rangi. Bibi wa Wete alipewa hiyo: namba nne, kona ikiwa imerekebishwa, jina lilelile fupi, kwa rangi tatu za mji, na mmoja wapo ni kijani kilichokolea, kwa vile alikitaka kijani tangu mwanzo. Alipendekeza na mji wa manjano. Tukauchapa kwa nyeusi na nyeupe tukaufinyia macho pamoja naye, na mji ukapotea kabisa ndani ya pindo jeupe. Akasema mwenyewe, "Basi hiyo iacheni."